Mafuta ya samaki na lehemu: karatasi nne za nyumba moja ya Lemara

Mwezi uliopita, baada ya swala ya alasiri, alinijia dukani binti mmoja mkazi wa Lemara akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Ndani yake mlikuwa na karatasi nne za maabara, mbili za mama yake na mbili za baba yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Karibu ukae."

Hakukaa. "Nina swali moja tu, mzee. Miezi mitatu iliyopita niliwaanzishia wazazi wangu vidonge vya mafuta ya samaki ili lehemu ishuke. Leo nimechukua majibu. Imepanda kwa wote wawili. Je, nimewadhuru kwa mikono yangu mwenyewe?"

Nilimwomba anipe siku mbili nizisome zile karatasi kwa utulivu. Nilipompa jibu nilimwomba pia ruhusa ya kulisimulia hapa bila kutaja jina la mtu, naye akaridhia. Katika miaka yangu nyuma ya kaunta sijapata kuona maswali mawili tofauti namna ile yakikaa ndani ya bahasha moja. Lehemu ya mama ilipanda, lakini si kwa sababu ya mafuta ya samaki. Lehemu ya baba ilipanda, na ni kweli mafuta ya samaki yaliipandisha.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Lehemu ndiyo ile ambayo wengi huiita kolesteroli. Haielei peke yake katika damu, bali husafirishwa ndani ya vifurushi vidogo vinavyotambulika kwa herufi. LDL ndiyo inayoitwa lehemu mbaya, kwa kuwa vifurushi vyake vikizidi hupenya katika kuta za ateri na kuzijengea utando. HDL huitwa lehemu nzuri. Trigliseridi si lehemu hata kidogo, ingawa hupimwa pamoja nayo na kuandikwa katika karatasi moja; ni mafuta ya nishati, yale ambayo mwili huyatengeneza kutokana na wanga na sukari iliyozidi. Mkanganyiko wote wa mafuta ya samaki huanzia hapo. Mafuta hayo hushusha trigliseridi. Watu wakasikia kwamba "hushusha mafuta katika damu", wakadhani mafuta yote ni mamoja.

Sasa tuingie jikoni kwa ini, na niruhusu nikupeleke kwa njia ya soko la Kilombero. Fikiria malori yanayoshuka kutoka Meru yakiwa na shehena ya ndizi. Ini ndilo shamba, ndizi ndizo trigliseridi, na bodi la lori lenyewe ndilo lehemu. Lori likiondoka shambani likiwa limejaa huitwa VLDL. Likifika mjini, wapakuzi hushusha ndizi kidogo kidogo, kituo baada ya kituo, mpaka libaki bodi tupu. Bodi hilo tupu ndilo LDL. Halina tena ndizi za maana, lakini bado lipo barabarani, na halina budi kurudishwa yadi. Yadi ni lile lile ini, nalo lina milango maalumu ya kuyapokea mabodi hayo. Milango ikiwa michache, malori matupu huegeshwa pembeni mwa barabara, siku kwa siku, mpaka barabara ikawa nyembamba. Ndivyo mshipa unavyoziba.

Dawa za jamii ya statini, kama vile atorvastatini na rosuvastatini, hufanya kazi katika milango ile. Huzuia ini lisijitengenezee lehemu yake, nalo likiona lina upungufu hufungua milango zaidi ili livute malori matupu kutoka barabarani. Hapo LDL hushuka.

Mafuta ya samaki hufanya mambo mawili, na hakuna hata moja linalohusu milango. Hupunguza ndizi zinazopakiwa shambani, hivyo malori hutoka yakiwa mepesi, na huwaharakisha wapakuzi mjini. Kwa hiyo ndizi hupungua, yaani trigliseridi hushuka. Lakini kila lori lililopakuliwa haraka huwa bodi tupu haraka. Kama milango ya yadi imebaki ile ile, mabodi matupu hayana sababu ya kupungua, na huenda yakaongezeka.

Tuanze na mama.

Mama yule ana umri wa miaka 61. Mwaka jana alipatwa na kiharusi chepesi: mkono wa kulia ulilegea na ulimi ukawa mzito kwa muda wa siku mbili, kisha akapata nafuu. Katika daftari lake la hospitali imeandikwa kwamba siku aliyolazwa LDL yake ilikuwa 4.3. Aliruhusiwa na dawa ya shinikizo la damu, aspirini, na atorvastatini ya miligramu 40 kila usiku. Karatasi ya kwanza katika bahasha, iliyopimwa miezi michache baadaye, ilionyesha LDL ya 2.2. Imepungua kwa nusu, kama inavyotarajiwa kwa kipimo hicho cha dawa.

Kisha miguu ikaanza kumuuma, hasa mapaja wakati wa kupanda ngazi. Wakati huo huo ukaingia katika simu yake ujumbe uliosambazwa, ukisema statini huua ini na kwamba "omega 3 hufanya kazi ile ile bila madhara". Binti akanunua chupa. Mama akaacha atorvastatini na kuanza vidonge viwili vya mafuta ya samaki, kimoja asubuhi na kimoja usiku. Karatasi ya pili, baada ya miezi mitatu: LDL 4.4.

Binti aliisoma hivi: 2.2 imekuwa 4.4, kwa hiyo mafuta yameipandisha mara mbili. Lakini linganisha 4.4 na ile 4.3 ya siku aliyolazwa. Mama amerudi pale pale alipokuwa kabla ya dawa. Statini ikiachwa, ini huifunga tena ile milango ya ziada, na ndani ya wiki chache LDL hurejea katika kiwango chake cha zamani. Mafuta ya samaki hayakupandisha chochote kwa mama. Hayakushusha chochote pia. Yalikaa tu katika nafasi ya dawa iliyokuwa ikifanya kazi, na hilo ndilo lililonitia hofu kuliko karatasi ya baba, maana mama huyu amekwisha kupigwa na kiharusi kimoja.

Nikaigeuza chupa. Mbele, kwa herufi kubwa, imeandikwa miligramu 1,000. Wengi husoma hapo na kuishia hapo. Hiyo 1,000 ni uzito wa mafuta yote yaliyomo ndani ya kidonge. Omega-3 zenyewe, ambazo ndizo mtu anazozilipia, zimeandikwa nyuma kwa maandishi madogo: EPA miligramu 180 na DHA miligramu 120. Jumla ni 300. Yaliyosalia ni mafuta mengine ya kawaida ya samaki. Vidonge viwili kwa siku vilimpa mama miligramu 600 za omega-3. Kiasi hicho hakitoshi kushusha hata trigliseridi kwa kiwango cha kuonekana, na yake ilikuwa 1.4 ikawa 1.3, tofauti ambayo mtu huweza kuipata kwa kupimwa Jumatatu badala ya Jumanne.

"Je, angekunywa zaidi?" binti aliniuliza. Jambo hili limekwisha kujaribiwa. Mwaka 2022 watafiti wa hospitali ya Cleveland huko Marekani walitangaza matokeo ya jaribio ambalo waliwagawa watu wazima takriban 200, wenye LDL iliyo juu lakini wasio na ugonjwa wa moyo, katika makundi. Kundi moja lilipewa rosuvastatini miligramu 5, ambacho ni kipimo kidogo. Jingine lilipewa kidonge kisicho na dawa. Mengine yalipewa virutubisho vinavyouzwa bila cheti cha daktari, yakiwamo mafuta ya samaki miligramu 2,400 kwa siku, kitunguu saumu, mdalasini na manjano. Baada ya siku 28, LDL ya waliotumia rosuvastatini ilikuwa imeshuka kwa karibu asilimia 38. Ya waliotumia mafuta ya samaki haikutofautiana na ya wale waliomeza kidonge kitupu. Ni haki msomaji ajue kwamba jaribio hilo liligharimiwa na kampuni inayotengeneza rosuvastatini. Siku 28 nazo si nyingi. Lakini kwa upande wa mafuta ya samaki hawakugundua jambo jipya. Majaribio ya miongo kadhaa yalikwisha kusema hivyo hivyo, na ukiikumbuka ile milango ya yadi huwezi kushangaa.

Baba sasa. Karatasi zake ndizo zilizonikesha.

Ana miaka 64, na ana kisukari cha muda mrefu. Karatasi yake ya kwanza ilisema hivi: jumla ya lehemu 6.3, HDL 0.8, trigliseridi 7.9, LDL iliyopimwa moja kwa moja 2.1. Trigliseridi hizo ni nyingi mno; kawaida hutakiwa ziwe chini ya 1.7. Zikivuka 5.6 daktari huanza kuogopa kongosho, kwa kuwa trigliseridi zikiendelea kupanda huweza kulichoma kongosho na kumlaza mtu wodini kwa maumivu makali ya tumbo. Hizi zote ni namba za milimoli kwa lita. Ikiwa maabara yako hutumia miligramu kwa desilita, zidisha lehemu kwa 38.7 na trigliseridi kwa 88.6.

Vidonge vya baba havikutoka katika chupa ya mama. Mpwa wake aliyeko Maskati alimletea chupa ya mafuta yaliyokolezwa, ambayo kila kidonge kina miligramu 600 za EPA na DHA kwa pamoja. Baba, ambaye kwa maelezo ya binti ni mtu asiyefanya jambo nusunusu, alikuwa akimeza sita kwa siku. Hizo ni miligramu 3,600, zaidi ya gramu tatu na nusu. Bila kujua, na bila daktari yeyote kujua, alikuwa amefikia karibu kipimo kinachotumiwa kama dawa.

Na dawa ilifanya kazi ya dawa. Karatasi ya pili: trigliseridi 4.2, zimepungua kwa karibu nusu. Jumla ya lehemu 5.7. HDL 0.9. LDL 2.9. Ilikuwa 2.1, imepanda kwa zaidi ya theluthi moja.

Hili nalo si la ajabu. Mafuta ya samaki yaliyosafishwa yalipoidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa matibabu ya trigliseridi zilizo juu sana, gramu nne kwa siku, matokeo yaliyowekwa katika maelezo ya dawa yenyewe yalikuwa haya: trigliseridi zilishuka kwa takriban asilimia 45, na LDL ikapanda kwa takriban asilimia 45. Mtengenezaji mwenyewe aliandika, na akawataka madaktari waipime LDL mara kwa mara.

Rudi Kilombero. Barabara ya baba ilikuwa imejaa malori makubwa yaliyosheheni, yanayojikokota bila kupakuliwa. Lehemu yake nyingi ilikuwa imefungwa ndani ya malori hayo, yaani katika VLDL, na ndiyo maana LDL yake ilionekana nzuri: mabodi matupu yalikuwa machache kwa kuwa upakuaji ulikwama. Mafuta ya samaki yakawaharakisha wapakuzi. Malori yakamaliza kazi kwa wingi, mabodi matupu yakamiminika barabarani, na milango ya yadi ikabaki ile ile. Kwa mama jambo hili halikutokea kwa sababu trigliseridi zake zilikuwa za kawaida, hakukuwa na msongamano wa kuharakishwa. Hapo ndipo penye mpaka: mtu mwenye trigliseridi za kawaida akimeza kiasi kidogo, LDL yake haitikisiki, mtu mwenye trigliseridi za juu sana akimeza gramu tatu au nne, LDL yake huweza kupanda kwa kiasi kikubwa.

Aina ya mafuta nayo ina sehemu yake. Katika hizo omega-3 mbili, ile iitwayo DHA ndiyo inayoelekea zaidi kuipandisha LDL. Ipo dawa ya hospitali iliyotengenezwa kwa EPA pekee, na hiyo haikuipandisha LDL hata kwa wagonjwa wenye trigliseridi za juu sana. Lakini vidonge vya dukani karibu vyote vina mchanganyiko wa zote mbili. Mtu asisome habari njema za dawa ile ya EPA kisha akaenda kununua chupa ya rafuni akidhani ni kitu kimoja.

Je, baba amedhurika? Hapa nilimwambia binti asiharakishe kulia. Ziangalie karatasi zake kwa njia nyingine. Chukua jumla ya lehemu, utoe HDL. Kinachobaki ni lehemu yote iliyo katika vifurushi vinavyoweza kuziba mishipa. Mwanzoni ilikuwa 6.3 kutoa 0.8, yaani 5.5. Baadaye 5.7 kutoa 0.9, yaani 4.8. Mzigo mzima umepungua. Sehemu kubwa ya kupanda kwa LDL ilikuwa ni lehemu iliyohama kutoka safu moja kwenda nyingine. Ndiyo maana kwa mgonjwa wa namna hii daktari makini haitazami LDL peke yake, bali huitazama hiyo lehemu isiyo HDL, au, pale maabara inapoweza, kipimo kiitwacho apoB ambacho huhesabu vifurushi vyenyewe.

Hata hivyo 2.9 si namba ya kuachwa kwa mwenye kisukari wa miaka 64. Miongozo ya tiba humtaka mgonjwa wa kisukari wa umri huo awe katika statini, na baba hakuwahi kupewa au hakuwahi kuifuata; daftari lake halikuwa wazi. Ile LDL ya 2.1 iliyoonekana nzuri ilimficha.

Kuna mtego mwingine katika karatasi kama hizi, nao huwapotosha hata wauguzi. Maabara nyingi haziipimi LDL, bali huikokotoa kwa hesabu: jumla ya lehemu, toa HDL, toa trigliseridi zilizogawanywa kwa 2.2. Jaribu kwa karatasi ya pili ya baba: 4.2 gawanya kwa 2.2 ni 1.9, kisha 5.7 kutoa 0.9 kutoa 1.9 ni 2.9. Imekubali. Lakini hesabu hii huharibika trigliseridi zikizidi 4.5. Kwa karatasi ya kwanza ingetoa 1.9 wakati kipimo halisi kilikuwa 2.1. Safari hii tofauti ni ndogo, kwa mwingine huwa kubwa, na maabara nyingine huacha nafasi ya LDL wazi kabisa. Mgonjwa akianza mafuta ya samaki, trigliseridi zikashuka chini ya 4.5, ghafla LDL "huchomoza" katika karatasi mahali ambapo hapakuwa na kitu. Ukiona karatasi ya kwanza haina LDL na ya pili inayo, usiseme imepanda. Uliza kama ya kwanza ilipimwa.

Binti akanirudia na hoja ambayo nimeisikia mara nyingi, na ambayo ina heshima yake. "Lakini mzee, watu wa pwani na wa maziwani hula samaki kila siku, na tunaambiwa mioyo yao ni mizima."

Ushahidi wa hoja hiyo tunao hapa hapa nchini. Mwaka 1996 watafiti kutoka Italia walichapisha katika jarida la Lancet utafiti wa Lugalawa, wilayani Ludewa. Walilinganisha wanakijiji 622 wa mwambao wa Ziwa Nyasa, ambao chakula chao kikuu kilikuwa samaki, na wenzao 686 wa milimani wasiokula samaki, watu wa asili moja wanaoishi kwa mboga na nafaka. Watu wa ziwani walikuwa na shinikizo la damu la chini zaidi. Jumla ya lehemu yao ilikuwa na wastani wa 3.5, na ya watu wa milimani 4.1. Trigliseridi zao nazo zilikuwa chini.

Ukiishia hapo utakimbilia chupa. Lakini soma walivyokula: kati ya gramu 300 na 600 za samaki kwa siku. Hiyo ni zaidi ya robo kilo kila siku, na wengine nusu kilo na ushei, tangu utotoni. Tena huo ni ulinganisho wa vijiji viwili vyenye maisha mawili; hakuna aliyemchukua mtu wa milimani akampa samaki na kuona lehemu ikishuka. Na hata hao watu wa milimani, wasiokula samaki, lehemu yao ya 4.1 wengi wetu wa mjini tungeipokea kwa shukrani. Wote walikuwa wakilima, wakitembea na kula vyakula visivyo na mafuta ya kukaangia kila mlo.

Samaki akishika nafasi ya nyama yenye mafuta katika sahani, LDL huweza kushuka, lakini kwa sababu ya kile kilichoondolewa mezani. Dagaa na vibua wana omega-3 nyingi kuliko sato. Ila dagaa waliokaangwa katika mafuta ya mawese, au samaki aliyeelea katika tui zito la nazi, amekuja na mafuta ya aina ile ile inayoipandisha LDL. Najua nimewagusa ndugu zangu wa Tanga na Mombasa, wanisamehe.

Neno fupi kwa wanaotumia mafuta ya ini la samaki, yale ya kijiko tuliyonyweshwa utotoni. Hayo si sawa na mafuta ya mwili wa samaki, kwa kuwa yana vitamini A kwa wingi. Anayejaribu kuyafikisha katika gramu tatu za omega-3 kwa kuongeza vijiko huweza kuvuka kiwango cha juu cha vitamini A kinachovumiliwa na mwili, na kwa mama mjamzito hilo huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Na kwa wanaoniuliza juu ya ganda la kidonge: ganda hilo huwa ni jelatini, itokanayo na ng'ombe, nguruwe au samaki. Chupa ikisema jelatini bila kutaja mnyama, muulize muuzaji, na asipojua, chagua inayotaja ng'ombe aliyechinjwa kwa sheria au samaki.

Nilimwandikia binti barua mbili ndogo za kupeleka kliniki, moja kwa kila mzazi.

Ya mama ilisema ameacha statini kwa sababu ya maumivu ya mapaja, na kwamba amewahi kupata kiharusi. Daktari alimpima kimeng'enya cha misuli, akakikuta cha kawaida, akampimia na ini, nalo zima. Akamrejesha katika statini, safari hii rosuvastatini kwa kipimo cha kuanzia chini. Atapimwa tena baada ya wiki sita. Chupa ya mafuta ya samaki aliambiwa anaweza kuimaliza au kuiacha, haina uzito upande wowote.

Ya baba ilikuwa ndefu kidogo. Daktari alianza na kisukari, kwa kuwa sukari isiyodhibitiwa ndiyo inayolipa ini malighafi ya trigliseridi, na akagundua kwamba mzee hunywa chai yenye vijiko vinne vya sukari mara tano kwa siku na glasi mbili za juisi. Hilo likirekebishwa, trigliseridi hushuka pasipo kidonge chochote. Akamwanzishia atorvastatini kwa ajili ya ile milango ya yadi. Mafuta ya samaki hakuyakataza, lakini aliyaweka chini ya usimamizi wake, kwa kuwa vipimo vikubwa vya omega-3 vimeonekana katika majaribio kuongeza hatari ya moyo kupiga bila mpangilio. Alimweleza baba kwamba akihisi moyo unarukaruka, asingoje siku ya kliniki.

Kipimo kijacho cha baba kitakuwa Jumatatu, siku ambayo hufunga sunna. Trigliseridi hupimwa vizuri zaidi mtu akiwa amekaa saa kumi hadi kumi na mbili bila chakula, na tangu daku mpaka alasiri saa hizo hutimia zenyewe. Binti ameahidi kuniletea karatasi ya tano.